Ramani ya kupakua: kuongozwa na simu bila kumaliza bando

Ramani ya kupakua ni ramani ya eneo fulani ambayo simu huihifadhi ndani yake, ili baadaye iifungue hata pasipo mtandao. Watu wengi wa Kigoma huiacha kwa kudhani kwamba kile kitone cha buluu kinachoonyesha mahali ulipo kinatumia bando. Hakitumii. Simu inapokea tu mawimbi ya setilaiti za GPS, ambazo zipo angani umbali wa kilomita 20,000 na zaidi, kisha inajikokotolea yenyewe mahali ilipo. Haitumi chochote huko juu, kama vile redio isivyotuma chochote inaposikiliza kituo. Kinachokula bando ni mchoro wa ramani unaoshushwa kila unaposogeza kioo, na kinachokula kuliko vyote ni picha ya setilaiti. Hiyo izime kabisa, ubaki na ramani ya kawaida ya mistari.

Kwa hiyo mchoro ushushe mara moja, ukiwa kwenye Wi-Fi. Katika Google Maps gusa picha yako juu kulia, chagua Offline maps, kisha Select your own map. Litatokea boksi. Kwa safari ya Kigoma hadi Kasulu, livute hadi miji yote miwili na barabara yote ya katikati ziwe ndani, halafu usome ukubwa wa faili ulioandikwa chini kabla ya kugusa Download. Ukiona ni kubwa mno kwa nafasi ya simu yako, punguza boksi.

Baada ya hapo zima data na ujaribu ukiwa bado nyumbani: tafuta Ujiji, kisha omba njia. Hapa kuna mpaka ambao wengi hugundua wakiwa wameshafika barabarani. Bila mtandao, Google Maps hutoa njia ya gari tu. Ya mguu haitoi. Hali ya foleni nayo haiioni, na muda inaokutajia ni makisio tu. Anayetembea kwa miguu atafaidika zaidi na Organic Maps, ambayo hupakuliwa kwa maeneo na kuongoza hata watembea kwa miguu bila mtandao.

Unapowasha GPS huku data imezimwa, usikate tamaa mapema. Mtandao ukiwepo, huisaidia simu kujua setilaiti zipo upande gani. Usipokuwepo, simu lazima izisikilize yenyewe, na hilo huchukua kuanzia nusu dakika hadi dakika kadhaa. Toka chini ya bati, simama mahali mbingu zinapoonekana. Ndani ya basi, kaa dirishani. Ukiona duara pana la buluu hafifu limekizunguka kitone, simu bado inabahatisha: unaweza kuwa popote ndani ya duara hilo. Subiri lisinyae ndipo uamue kukata kona.

Sasa kuisoma yenyewe. Kaskazini huwa juu, ila ukiigeuza kwa vidole haitakuwa hivyo tena. Gusa alama ya dira na itarudi. Kwa Kigoma, magharibi ni rahisi kukumbuka, maana jua la jioni huzama ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Geuza simu mpaka ziwa la kwenye kioo lielekee huko, na barabara za kwenye ramani zitalingana na zilizo mbele yako. Ukiwa karibu na bandari usitegemee maji peke yake, kwa sababu ghuba inaingia ndani na maji yanaweza kuwa upande usiotarajia.

Umbali pia unaweza kuupata kwa namba. Kituo cha Kigoma mjini ni takriban -4.88, 29.63, Ujiji ni takriban -4.92, 29.68. Namba ya kwanza ni ya kusini au kaskazini, ya pili ni ya mashariki au magharibi, na huku kwetu kila 0.01 ni kama kilomita 1.1. Ujiji basi uko kilomita 4.4 kusini na 5.5 mashariki, yaani kama kilomita 7 kwa mstari ulionyooka. Barabara ina kona, hivyo itazidi hapo.

Namba hizo mbili zinaingia kwenye SMS ya kawaida, na anayezipokea anazibandika kwenye kisanduku cha kutafutia. Kwa mahali penyewe hasa tuma tarakimu tano baada ya nukta, maana mbili hukosea kwa mamia ya mita. Usisahau alama ya kutoa: bila hiyo mtu wako wa Kigoma ataonyeshwa Sudani Kusini, karibu na Maridi. Akizipanga kinyume, ramani itampeleka Sahara.