Basi la Usiku kutoka Malindi: Shingo Ishikwe kwa Mbele

Anayepanda basi la usiku Malindi kwenda Nairobi hukaa kitini takriban usiku kucha. Wengi hushuka shingo imekaza, hawawezi kumtazama aliye kando bila kugeuza mwili mzima. Kliniki yetu ya fiziotherapia huwapokea siku mbili tatu baadaye, na karibu wote hulaumu matuta na mashimo. Barabara ina sehemu yake, lakini sababu kubwa ni kichwa kuanguka mbele wakati wa usingizi.

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5. Tukiwa macho, misuli ya nyuma ya shingo hukishika bila sisi kujua. Usingizi ukikolea misuli hulegea, kidevu hushuka kifuani, na uzito wote hubaki ukining'inia kwenye kano zinazoshikanisha pingili za shingo kwa nyuma. Kano zikivutwa hivyo kwa saa nyingi huchoka, na misuli iliyo karibu nazo hukaza ili kuzilinda. Ndiyo maana mtu huamka na shingo ngumu hata kama basi lilienda polepole.

Ule mto wa shingo wenye umbo la herufi U wengi huuvaa unene ukiwa kisogoni. Huko kichwa tayari kina mgongo wa kiti wa kukiegemeza, kwa hiyo mto unakisukuma mbele, kule kule kinakotaka kuangukia. Ugeuze: unene ukae chini ya kidevu, na pembe zake zipite chini ya masikio kuelekea nyuma.

Asiye na mto ana leso. Mama mmoja tuliyemhudumia alikuwa na miadi ya hospitali Nairobi kila baada ya miezi michache, na kila akirudi shingo ilimsumbua wiki nzima. Tulimwambia, "Mama, hebu keti kama unavyoketi garini." Akaketi, makalio yakateleza hadi katikati ya kiti, mgongo ukapinda, kichwa kikaja mbele kabla hata hajafumba macho. Hapo hakuna mto ambao ungemsaidia. Tulianza na kiuno: makalio yarudi nyuma kabisa, leso moja ikunjwe na kuwekwa kwenye mbonyeo wa kiuno, juu kidogo ya mkanda, na miguu yote miwili ikanyage. Miguu yake haikufika chini vizuri, kwa hiyo mkoba wake ukawa kibao cha kukanyagia.

Leso ya pili ya doti ileile tuliikunja mara moja kwa urefu, tukatia taulo dogo katikati, tukaiviringisha. Katikati ya mviringo huo ilikaa chini ya kidevu, ncha zikapita juu ya mabega hadi nyuma. Hatukufunga fundo, na mtu hapaswi kulala na kitu kilichofungwa shingoni. Vidole viwili viweze kupita kwa urahisi kati ya kitambaa na koo. Unene unatosha pale macho yanapotazama mbele sawasawa. Kidevu kikielekea juu, punguza; kikishuka, ongeza.

Kiti cha dirishani kinafaa kwa sababu upande mmoja una pa kuegemea, ila usilaze kichwa juu ya kioo. Mtikisiko wa gari utakigongesha usiku kucha. Egemeza bega, kisha jaza nafasi kati ya bega na sikio kwa kitambaa. Kiti kikilala nyuma, kilaze, na mkanda ubaki chini kwenye nyonga. Wanaoendelea na treni kutoka kituo cha Miritini, Mombasa, wajue kwamba viti vya daraja la kawaida havilali, kwa hiyo leso ya kidevu ina kazi kubwa zaidi huko.

Usimeze vidonge vya mafua ili ulale. Usingizi wa dawa humfanya mtu asijigeuze, na kujigeuza ndiko kunakoipumzisha shingo. Ukiamka, chezesha nyayo juu na chini, na basi likisimama Mtito Andei shuka utembee. Shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma baada ya safari, nenda hospitali siku hiyohiyo. Huenda damu imeganda. Pumzi ikibana au kifua kikiuma, hiyo ni dharura.

Ukifika na shingo bado imekaza, weka kitambaa cha moto kwa dakika 15, kisha igeuze taratibu kulia na kushoto hadi pale inapoanza kuvuta tu. Mara nyingi hulegea ndani ya siku chache. Usimpe kinyozi akuvunje shingo: msokoto wa ghafla unaweza kuchana mshipa wa damu unaoenda ubongoni. Na mkono ukifa ganzi au kukosa nguvu, usingoje siku hizo zipite, nenda ukapimwe.