Maandishi ya slaidi yanapojipunguza yenyewe: kwa nini mafaili yanarudishwa

Tangu kitengo chetu cha huduma za mikutano kianze kutumia mwongozo mpya wa slaidi, lalamiko moja limejirudia kuliko yote: "Faili langu limerudishwa kwa sababu ya herufi ndogo, na mimi sikupunguza herufi." Wengi wanaosema hivyo wanasema kweli. Hawakupunguza wao. Programu ndiyo iliyopunguza, nao hawakuona ikitokea.

Katika PowerPoint, kisanduku kikuu cha maandishi huja kikiwa kimewekewa agizo linaloitwa Shrink text on overflow. Maandishi yakizidi nafasi, programu hufanya mambo mawili kwa pamoja: hupunguza herufi kwa asilimia fulani, na hubana nafasi kati ya mistari. Hupunguza ngazi kwa ngazi kila unapoongeza mstari, na ndiyo maana jicho la mwandishi halishtuki.

Kugundua ni rahisi. Weka kishale ndani ya maandishi, kisha tazama namba ya ukubwa wa herufi kwenye kichupo cha Home. Kiolezo cha kawaida huanza na 28 kwa hoja kuu na 24 kwa vipengele vilivyo chini yake. Ukiona 17.5 au 12.5, ujue hakuna binadamu aliyechagua namba hiyo. Dalili nyingine ni slaidi mbili zinazofuatana za kiolezo kimoja zenye herufi za ukubwa tofauti.

Tuchukue slaidi moja kama zile tunazopokea. Kichwa chake ni "Utaratibu Mpya wa Maombi ya Likizo". Chini yake kuna hoja kuu nne: nani anahusika, hatua za kuomba, muda wa majibu, na maombi yasiyokubaliwa. Kila hoja ina vipengele vitatu, na viwili kati ya vyote kumi na viwili ni virefu hadi vinaingia mstari wa pili. Jumla ni mistari 18. Kisanduku cha kiolezo cha kawaida, kwa herufi za 28, kinabeba mistari kama minane tu. Basi programu inashusha kila kitu hadi asilimia 62.5: hoja kuu zinakuwa 17.5 na vipengele vinakuwa 15.

Je, 15 ni ndogo kiasi gani? Slaidi ina urefu wa pointi 540 kwenda chini, kwa hiyo herufi ya 15 inachukua sehemu moja tu ya 36 ya urefu huo. Kwenye kompyuta iliyo mbele ya pua yako inasomeka vizuri, na hapo ndipo watu hudanganyika. Jaribio tunalopendekeza ni hili: gawanya umbali wa kiti cha mwisho kwa urefu wa skrini ya ukumbi kwenda juu. Skrini ya mita 1.5 na kiti kilicho mita 12 ni mara nane. Sasa pima urefu wa slaidi kwenye kompyuta yako. Ikiwa ni sentimita 17, zidisha kwa nane, usimame mita 1.36 kutoka kwenye kompyuta. Unachokiona hapo ndicho atakachokiona aliyekaa nyuma. Tafadhali usiegemee mbele.

Sasa tuseme wazi kuhusu "marekebisho" tunayoletewa. Kukuza herufi kwa mkono hakusaidii, kwani programu hupiga hesabu upya na kuzishusha tena. Kuvuta kisanduku hadi kifunike namba ya slaidi si kurekebisha. Kuzima upunguzaji na kuacha maandishi yamwagike nje ya slaidi pia si kurekebisha, ingawa kuna waliotuletea hivyo mara mbili mfululizo.

Hata hivyo, kuzima upunguzaji kuna faida yake: kunakuonyesha ukubwa halisi wa tatizo. Kwa kisanduku kimoja, bofya kitufe kidogo kinachojitokeza kwenye kona ya chini kushoto maandishi yanapozidi, kisha chagua Stop Fitting Text to This Placeholder. Kwa kompyuta nzima, fuata File, Options, Proofing, AutoCorrect Options, kisha kwenye AutoFormat As You Type ondoa alama kwenye AutoFit body text to placeholder. Mpangilio huu unahusu utakayoandika kuanzia hapo. Visanduku vilivyokwisha kupunguzwa vitabaki vilivyo hadi uvishughulikie kimoja kimoja.

Kitufe hichohicho kina chaguo la Split Text Between Two Slides. Hatulikatazi, lakini programu inagawa kwa nafasi, haigawi kwa maana. Utapata slaidi mbili zenye kichwa kilekile, na ya pili huenda ikaanza katikati ya wazo.

Njia bora ni kupitia View, Outline View. Kwenye orodha inayotokea kushoto, bofya alama ya nukta iliyo mbele ya "Hatua za kuomba" ili hoja ichaguliwe pamoja na vipengele vyake, kisha bonyeza Shift+Tab. Hoja inageuka kuwa kichwa cha slaidi mpya. Ukikuta vipengele vimebaki ngazi ya chini, vichague na ubonyeze Shift+Tab mara moja zaidi. Virudi kwenye 28. Fanya hivyo kwa hoja zote nne, kisha futa slaidi ya awali iliyobaki na kichwa tu.

Hapo kazi ya kufikiri ndiyo inaanza. Katika mfano wetu, "nani anahusika" ilikuwa na jambo moja tu jipya: kwamba wafanyakazi wa mkataba nao wamo. Hilo msemaji alilitamka kwa mdomo, na slaidi ikafutwa. "Muda wa majibu" ilibadilishwa kichwa kikawa sentensi kamili, "Majibu hutoka ndani ya siku 5 za kazi", na vipengele viwili vilivyorudia jambo hilo vikaondoka. Zile sentensi ndefu za maombi yasiyokubaliwa zilihamia kwenye sehemu ya maelezo chini ya slaidi, ambako msemaji anazisoma kwenye Presenter View bila hadhira kuziona. Ukutani zikabaki sababu tatu za maneno machache. Slaidi moja ikawa tatu, zote kwa herufi za 28. Muda wa kuongea haukubadilika hata dakika moja. Tunalirudia hili kwa sababu bado tunaandikiwa kwamba "mmetupa dakika kumi, hatuwezi kuongeza slaidi". Dakika huliwa na maneno, si na idadi ya slaidi.

Kuhusu utaratibu: faili liwasilishwe siku 3 za kazi kabla ya mkutano. Mkaguzi hufungua kila slaidi na kusoma namba ya ukubwa kwenye kila kisanduku kikuu. Chini ya 24, faili hurudishwa likiwa na orodha ya namba za slaidi husika. Mwasilishaji ana siku 1 ya kazi kulirekebisha. Likirudishwa mara ya pili, mada inasogezwa mwisho wa ratiba. Mara ya tatu, msemaji anaruhusiwa kuongea bila slaidi. Tanbihi za chini na vyanzo vya takwimu havihesabiwi katika kiwango hiki. Jedwali linahesabiwa, na programu haipunguzi herufi za jedwali yenyewe, hivyo zikikutwa kwenye 11, hapo sababu ya kwamba "ilijipunguza" haitapokelewa.