Kupasha kiporo cha mayai bila kuyageuza mpira

Kupasha kiporo cha mayai ni kukirudishia joto hadi nyuzi 74 za Selsiasi katikati, kisha kuacha papo hapo. Ugumu wake ni kwamba yai lililopikwa tayari limeshaganda. Ute huanza kuganda kwenye nyuzi 62 hivi, na kiini hushikana kikifika karibu nyuzi 70. Moto unaoongezwa baada ya hapo hauivishi kitu. Unazikaza tu protini, nazo zikikazana hukamua maji yaliyokuwa ndani yake. Ndiyo maana kiporo kilichozidishwa moto huwa kikavu na kigumu kutafuna, huku kikaango kina majimaji. Cha kufanya ni kulifikisha joto kwa upole, pamoja na mvuke, na kwa usawa.

Kabla ya moto, kuna swali la muda. Chakula cha mayai kisikae nje ya friji zaidi ya saa mbili, na penye joto la kupita nyuzi 32 isizidi saa moja. Kikiwekwa kwenye friji yenye nyuzi 4 au chini yake, ndani ya chombo kifupi chenye mfuniko, kinafaa kwa siku 3 hadi 4. Kilicholala mezani usiku kucha hakiokolewi na moto wowote: bakteria wanaoitwa stafilokokasi, ambao hutoka puani na kwenye ngozi za watu, huacha sumu ambayo hata kuchemsha hakuiondoi, na mara nyingi chakula hakinuki wala hakibadiliki rangi.

Mayai ya kuvuruga ndiyo rahisi kuharibika, kwa kuwa ni vipande vidogo na kila kipande kinaguswa na moto pande zote. Kwa kiporo cha mayai mawili, tia kijiko kimoja cha chai cha maji au maziwa, weka kwenye kikaango chenye siagi kidogo, moto mdogo, funika, na geuza kila baada ya nusu dakika hadi mvuke utoke katikati ya rundo. Kwenye maikrowevu tumia nusu ya nguvu, sekunde 30 kwa mkupuo, ukikoroga kila mara, maana hupasha kingo na kuacha kitovu baridi. Majimaji utakayoyakuta ndani ya chombo kilichotoka kwenye friji ni yale yaliyokamuliwa na mayai yenyewe. Yaache yaingie kikaangoni.

Kimanda hakikorogeki, kwa hiyo kisirundikwe. Kilichokunjwa kifunue kiwe bapa, kikiwa kinene kikate vipande, mwagia kijiko cha chai cha maji pembeni mwa kikaango, si juu yake, na ufunike. Dakika 2 au 3 zinatosha, ukikigeuza mara moja.

Mchuzi wa mayai ndio unaodanganya watu. Mchuzi unatokota, mvuke unapanda, mpishi anaamini chakula kimepata moto, kumbe kiini cha yai zima lililotoka kwenye friji bado ni baridi. Joto hupenya yai taratibu kutoka nje. Ukiendelea kutokotesha hadi lifike ndani, ute wa nje utakuwa umeshakakamaa na mchuzi umeshika chini.

Tuseme una mayai manne ndani ya mchuzi uliolala. Yatoe kwanza, uyakate katikati kwa urefu. Mchuzi uliolala huwa umekuwa mzito, basi ulegeze kwa robo kikombe cha maji, uchemshe hadi utokote kweli, ukikoroga hadi chini ya sufuria. Punguza moto, panga nusu za mayai sehemu iliyokatwa ikitazama juu ili kiini kisimwagike, zimwagie mchuzi juu yake kwa kijiko, funika, na uache kwa dakika 4 au 5 mchuzi ukichezacheza tu. Choma ncha ya kipimajoto ndani ya kiini: ukiona 74, epua. Asiye na kipimajoto apasue kiini kimoja; kikiwa na ubaridi au uvuguvugu tu, aongeze dakika moja na mfuniko ukiwa juu.

Pete ya kijani-kijivu kuzunguka kiini haina madhara. Ni chuma cha kwenye kiini kilichokutana na salfa ya ute kwa sababu ya moto mwingi au wa muda mrefu.

Yai zima lililochemshwa lisitiwe kwenye maikrowevu, hata likiwa limemenywa na limo ndani ya mchuzi. Mvuke hujifungia kiinini, na yai linaweza kupasuka baada ya kutolewa, pale linapochomwa kwa uma au kung'atwa. Kulitoboa hakutoshi, likate.

Pasha kiasi kitakacholiwa tu. Kilichobaki kwenye friji kibaki baridi, na kilichopashwa kisipoliwa kisirudishwe kungoja duru ya pili.