Barua kwa mwalimu wangu kabla ya sapu: 0.7 niliyoielewa vibaya

Kwako Mwalimu,

Natumai u mzima. Mimi ni mwanafunzi wako wa mwaka wa pili niliyeanguka somo la vifaa vya semikondakta, na nitarudia mtihani muhula huu. Nimepitia karatasi yangu jioni kadhaa hapa ninapopanga Kondele, nikaona sikushindwa na hesabu. Nilishindwa na mambo niliyoyaamini bila kuyapima. Nakuandikia niliyoyaamini na nilichokuta, unirekebishe nisije nikaingia na kosa jipya.

La kwanza ni fupi. Niliandika kwamba silikoni ya aina ya n ina chaji hasi kwa sababu ina elektroni nyingi. Sivyo. Kila atomi ya fosforasi inayoachilia elektroni hubaki nyuma ikiwa na chaji chanya, kwa hiyo kipande kizima hakina chaji. Chaji hujitokeza tu pale kwenye mpaka wa p na n, elektroni zinapovuka na kuziacha atomi hizo peke yake.

La pili ndilo lililonimaliza. Swali lilitoa dayodi yenye upande wa p wenye atomi 10^17 za boroni kwa kila sentimita ya ujazo, na upande wa n wenye 10^16 za fosforasi, katika joto la 300 K. Likauliza volti inayojijenga ndani, mpakani pa pande hizo, yaani Vbi. Fomula naijua, Na ikiwa idadi ya boroni na Nd ya fosforasi:

```
Vbi = (kT/q) ln(Na·Nd / ni²)
```

kT/q ni volti 0.02585. Nikichukua `ni`, yaani idadi ya elektroni huru katika silikoni safi, kuwa 10^10 kwa kila sentimita ya ujazo, ndani ya mabano inabaki 10^13, logi yake ya asili ni 29.9, na jibu ni volti 0.77. Hapo nilikuwa sawa. Kisha swali likauliza mita itasoma nini ikiunganishwa kwenye ncha mbili za dayodi hiyo, nami nikaandika 0.77. Niliichukulia dayodi kama betri ndogo.

Fundi mmoja wa redio pale Kibuye aliniazima multimita yake, nikanunua dayodi ya 1N4148, ile ndogo ya kioo. Niliifunika kwa kiganja, nikagusisha waya. Sufuri. Nilipotoa mkono jua la saa nane likaipiga, na milivolti chache zikatokea. Nikafunika tena, zikapotea.

Nilivyoelewa ni hivi: waya za mita nazo ni metali, na kila metali inapogusa silikoni huzaa volti yake ya mguso. Ukizijumlisha zote ukizunguka saketi, zinafutana na 0.77. Mita haisomi mlima wa umeme ulio ndani, inasoma tofauti kati ya ncha mbili ya kile kiwango cha nishati ya elektroni kiitwacho kiwango cha Femi, na dayodi iliyotulia ina kiwango kimoja kotekote. Ingekuwa vinginevyo, ningewasha taa milele bila chanzo cha nishati. Mwanga wa jua ndio unaovunja utulivu huo, kama kwenye paneli ya sola.

La tatu: niliamini dayodi ya silikoni ni mlango uliofungwa hadi volti 0.7, halafu unafunguka. Nilichukua volti 5 za chaja ya simu, nikapitisha kwenye resista ya omu 1,000 kisha dayodi. Juu ya dayodi nikapata karibu 0.65, maana yake mkondo ni kama miliampia 4.35. Nikabadilisha resista, nikaweka ya omu 1,000,000. Mkondo ukashuka hadi mikroampia 4.7 hivi, na dayodi ikaonyesha 0.34. Mlango ambao ningeapa umefungwa ulikuwa unapitisha umeme. Hakuna mahali unapofunguka. Mkondo hupanda kwa eksponenti, na 0.7 ni volti tunayoikuta tu kwa sababu saketi zetu nyingi hutumia miliampia. Wala haihusiani moja kwa moja na ile 0.77, ingawa mimi nilizifanya namba moja.

Hapa ndipo ninapokwama, Mwalimu. Fomula uliyotufundisha inasema kila volti ikiongezeka kwa milivolti 60, mkondo huzidishwa mara 10. Katika kipimo changu mkondo ulizidi kama mara 930, yaani karibu hatua tatu za mara 10, lakini volti ziliongezeka milivolti 310. Hiyo ni karibu 104 kwa kila hatua. Nadhani ni elektroni na mashimo, yaani nafasi zisizo na elektroni, kukutana na kufutana ndani ya eneo tupu la mpakani, jambo ambalo fomula rahisi haihesabu, na ndiyo maana vitabu huweka kigezo n cha kuzidisha hizo 60, kinachokaribia 2. Kwa namba zangu n ni 1.75. Je, nifikirie hivyo, au ni resista zangu za bei rahisi zilizonidanganya? Na katika sapu, nitajuaje lini nitumie n ya 1?

Naomba nusu saa yako siku yoyote kabla ya mtihani. Nitakuja na dayodi, resista zote mbili na daftari la vipimo.

Wako mtiifu,
Mwanafunzi wa mwaka wa pili