Vifurushi vitatu kwenye slaidi moja: mteja aone tofauti kabla hujafungua mdomo

Kuna kijana anakodisha taa za kuvulia dagaa kule upande wa Igombe, zile taa za chaji zilizochukua nafasi ya karabai kwenye mitumbwi mingi, alikuja ofisini kwetu na laptop yake na malalamiko. Sisi kazi yetu ni kuwasaidia wafanyabiashara wadogo hapa Mwanza kupanga bei na kuzieleza, kwa hiyo kesi kama yake tunaziona sana, ila hii nimeona niiandike yote maana kosa lake nakutana nalo karibu kila wiki.

Anauza huduma kwa namna tatu. Slaidi yake ilikuwa na maboksi matatu ya rangi, juu ya boksi la kwanza kaandika 2,500, la pili 160,000, la tatu 408,000, halafu chini ya kila boksi tiki tisa za kijani zimeshuka kama mvua. Tajiri mmoja mwenye mtumbwi akaangalia hiyo slaidi akanyoosha kidole kwenye 2,500 akasema, "mwanangu, nipe hii ya bei rahisi, hizo zingine ni za wenye hela." Akachukua. Mwezi ulipoisha akapiga hesabu akakuta katoa 200,000 na jirani yake mwenye taa hizohizo katoa 160,000. Akarudi kwa kijana akiwa amewaka, anasema kaibiwa.

Hakuna aliyemwibia. Shida ni kwamba ile 2,500 ilikuwa ya taa moja kwa usiku mmoja, 160,000 ilikuwa ya taa nne kwa mwezi mzima, na 408,000 ilikuwa ya taa nne kwa miezi mitatu. Maneno hayo yalikuwepo kweli kwenye slaidi, kwa herufi ndogo chini ya bei, lakini jicho la mteja linashika namba kubwa kwanza, linazilinganisha palepale, na likishaamua haliteremki tena kusoma herufi ndogo. Kwa hiyo ukiweka namba tatu zenye vipimo vitatu tofauti sehemu moja, umemwambia mteja azilinganishe wakati hazilinganishiki.

Kwa hiyo kabla hujafungua PowerPoint tafuta kipimo kimoja, na kipimo chenyewe kitoke kwa mteja, yaani kile anachohesabu yeye kichwani. Mvuvi wa dagaa hahesabu mwezi wa kalenda, anahesabu usiku wa giza, kwa sababu dagaa wanafuata mwanga wa taa na mbalamwezi ikiwa kali taa haivuti kitu, mitumbwi inapumzika. Kijana alipowauliza wateja wake wanaingia ziwani usiku ngapi kwa mwezi wengi walimjibu kama ishirini hivi. Basi tukakubaliana mteja wa mfano ni mtumbwi mmoja, taa 4, usiku 20. Tukageuza kila bei iwe ya huyo mteja mmoja. Kwenye Excel ni hesabu fupi tu, bei gawanya kwa idadi ya taa mara idadi ya usiku:

```
=B2/(B3*B4)
```

Hapo B2 ni bei, B3 taa, B4 usiku wote wa kifurushi. Cha kulipa kila usiku kinabaki 2,500 kwa taa. Cha mwezi, 160,000 gawanya kwa 80, ni 2,000. Cha miezi mitatu, 408,000 gawanya kwa 240, ni 1,700. Ukirudisha kwenye mtumbwi mzima kwa mwezi unapata 200,000, 160,000 na 136,000. Mpangilio umegeuka kichwa chini miguu juu, kile kilichoonekana rahisi ndo ghali kuliko vyote.

Sasa hapa wengi wanataka kusimama, wanaweka hizo namba tatu na kupiga duara jekundu kwenye 136,000. Mimi nakataa, maana utakuwa umempotosha mteja upande wa pili. Hicho cha miezi mitatu kinataka 408,000 mkononi siku ya kwanza, na tajiri mwenye mtumbwi mmoja huenda hela yote ameshaiweka kwenye nyavu na mafuta ya mashine. Pia mtumbwi ukitoboka au upepo ukakaza wiki nzima, anayelipa kila usiku hatoi kitu, wale wengine hela imeshaenda. Kwa hiyo slaidi inahitaji mistari inayovutana, mmoja unaonyesha nafuu iko wapi na mwingine unaonyesha hiyo nafuu inanunuliwa kwa kitu gani. Mteja akiuona huo mvutano anajua mwenyewe yeye ni wa wapi.

Slaidi tuliyofika nayo ni hii:

| Mtumbwi 1, taa 4 | Kila usiku | Kila mwezi | Miezi 3 |
|---|---:|---:|---:|
| Gharama kwa mwezi (usiku 20) | 200,000 | 160,000 | 136,000 |
| Unatoa siku ya kwanza | 10,000 | 160,000 | 408,000 |
| Usiku usioingia ziwani | hulipi | umeshalipa | umeshalipa |
| Inashinda "kila usiku" kuanzia | – | usiku 17 | usiku 14 |
| Taa ikiharibika | unaleta kituoni | unaleta kituoni | tunaifuata mwaloni |

*Vyote vina: chaji, maboya ya taa, mafunzo ya siku moja. Taa ikipotea ziwani unalipa 60,000. Bei kwa shilingi.*

Mistari mitano tu. Zile tiki tisa zimeenda wapi? Saba zilikuwa zinafanana kwenye vifurushi vyote, na kitu kinachofanana hakimsaidii mtu kuchagua, kinamchosha tu macho wakati anatafuta tofauti. Baadhi tumekusanya kwenye sentensi ya chini, na zile za "huduma bora" na "tunajali wateja" tumefuta kabisa. Ukitaka kujua mstari unastahili kukaa soma kutoka kushoto kwenda kulia, kama majibu yote ni yaleyale uteremshe chini. Lakini ile ya taa kupotea usithubutu kuificha hata kama ni sawa kote, hiyo ndo inayoleta ugomvi baadaye, na Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mteja kwenye biashara.

Mstari wa nne nauelezea kidogo maana watu wanauogopa. Hiyo usiku 20 ni makadirio, kuna wengine wanaingia 12 na wengine 24, na ukiacha namba moja tu mteja wa usiku 12 ataumia. Anayelipa kila usiku anatoa 10,000 kwa taa nne, kwa hiyo 160,000 ni sawa na usiku 16, ukifika wa 17 kifurushi cha mwezi kimeshinda. Cha miezi mitatu ni 136,000 kwa mwezi, sawa na usiku 13 na kidogo, kinashinda kuanzia wa 14. Mteja hana haja ya kufanya hiyo hesabu, anajua usiku wake anaangalia tu yuko juu au chini ya namba.

Kwenye kuchora, vitu vichache vinatosha. Vifurushi vikae juu, maswali ya mteja yakae pembeni kushoto, ili macho yatembee kwa mlalo tu yakilinganisha, maana ukiweka maboksi yaliyotengana mteja anapaswa kukumbuka boksi la kwanza lilisema nini akiwa anasoma la tatu. Ingiza kwa `Insert` halafu `Table`, chagua safu za bei zote tatu kisha kwenye `Layout` bonyeza `Distribute Columns` zilingane upana, kwa sababu safu ikiwa pana kuliko nyingine inaonekana ndo unayoisukuma. Namba zote zisogee kulia ili maelfu yakae chini ya maelfu. Usiache kisanduku kitupu, mtu hajui kama hakuna au umesahau, andika "hulipi" au weka mstari mfupi. Na usitegemee nyekundu na kijani kubeba maana, kuna wasiozitofautisha hizo rangi, na projekta ikichoka zote zinakuwa kahawia. Neno likae peke yake bila msaada wa rangi.

Rangi tuliyoitumia ni moja, njano hafifu nyuma ya mstari wa kwanza na wa pili, ile inayovutana. Kijana alitaka aweke na nyota kwenye cha miezi mitatu iandikwe "Chaguo bora". Nilimuuliza bora kwa nani? Akafikiri akasema, kwa tajiri mwenye mitumbwi miwili mitatu na hela ya kuzungusha. Basi hilo ndo la kuandika chini ya jina la kifurushi, "mwenye mtaji na anayeingia usiku 14 au zaidi", maana mtu anajitambua kwenye maelezo kama hayo.

Kitu kingine ambacho ofisini hukioni: slaidi hii haitaonyeshwa kwenye ukumbi wenye mapazia, itaonyeshwa kwenye simu pale mwaloni jua likiwaka. Mandhari ya giza yenye maandishi meupe inageuka kioo, mtu anajiona sura yake tu. Weka nyeupe na maandishi meusi. Slaidi ya kawaida ni pana, kwenye simu iliyosimama inakuwa kamstari, kwa hiyo tengeneza nakala ya pili, `Design`, `Slide Size`, `Custom Slide Size`, weka upana na urefu sawa, halafu hifadhi kama PNG utume WhatsApp kama picha. Kwenye nakala hiyo mstari wa mwisho wa jedwali ulibana tukauhamishia chini pamoja na yale ya "vyote vina", kwa maneno kamili kwamba wa miezi 3 taa inafuatwa mwaloni.

Kuna mipaka pia. Vifurushi vikifika vitano sita jedwali hili linakufa, herufi zinapungua hadi hazisomeki. Hapo uliza swali moja kwanza, kwa mfano "una mitumbwi mingapi?", halafu mwonyeshe slaidi yenye vile vitatu vinavyomhusu.

Kabla hajaitumia tulimpa kazi ya kuijaribu. Amwonyeshe simu mtu asiyejua biashara yake, ahesabu hadi tano, aizime, amuulize: kipi nafuu kwa mwezi, na kipi kinataka hela nyingi mwanzoni? Wa kwanza alikuwa mama muuza chai jirani na kituo chake, akajibu la kwanza, la pili akakosa, akasema "hapo juu pameandikwa mtaji wa kuanzia, nikajua ni wa kwako wewe mwenyewe." Kumbe mstari wa pili tuliuita "Mtaji wa kuanzia". Tukabadilisha ukawa "Unatoa siku ya kwanza". Alipowajaribu wengine watatu kesho yake wote walijibu maswali yote mawili, na yule tajiri aliyewaka alipoonyeshwa alikaa kimya kidogo, akahesabu usiku wake kwa vidole, akahamia kifurushi cha mwezi.