Kondakta Katika Fremu ya Dhahabu: Jinsi Nilivyosanifu Kadi ya Rafiki Yangu

Rafiki yangu ni kondakta wa matatu ya njia ya 111, ile inayotoka mjini kuelekea Ngong, na mwezi uliopita aliniomba nimtengenezee kadi ya kukusanya kama zile za michezo ya kadi, yenye picha yake, vijisanduku vya alama, ukingo unaoonyesha uadimu, na jina la aina ya mhusika. Nimekuwa nikisanifu vitu vya kuchapwa hapa Nairobi kwa miaka kadhaa, na kazi hii ndogo imenifundisha jambo ambalo wengi huligundua wakiwa wamechelewa, yaani wanapoiona kadi imekwisha kukatwa: kinachoamua sura ya kadi ni ukingo wake zaidi kuliko picha, na kwa hiyo ukingo ndio unaopaswa kupangwa kwanza.

Kadi nyingi za michezo hii zina upana wa milimita 63 na urefu wa milimita 88. Mashine ya kukatia, hata ikiendeshwa na fundi makini, inaweza kusogea kiasi cha milimita moja kutoka kwenye mstari uliokusudiwa. Milimita moja haionekani katika bango, lakini katika kadi inaonekana mara moja, kwa sababu ukingo huzunguka pande zote na jicho hulinganisha upande mmoja na wa pili bila kuambiwa. Ukichora ukingo wa milimita 3, msogeo wa milimita moja utakuachia milimita 2 upande wa kushoto na 4 upande wa kulia, yaani upande mmoja umekuwa mara mbili ya mwingine. Ukichora ukingo wa milimita 5, msogeo uleule utakuachia 4 na 6, na tofauti hiyo watu wengi huipita bila kuiona. Kadi zangu za kwanza kabisa, miaka ya nyuma, zilikuwa na ukingo mwembamba wa kupendeza katika skrini, na zote zilitoka zikiwa kama picha iliyotundikwa ukutani na mtu mwenye haraka. Tangu hapo sishuki chini ya milimita 5.

Ukingo wa milimita 5 kila upande unabakisha nafasi ya ndani yenye upana wa milimita 53 na urefu wa 78. Hapo nikagawa hivi: utepe wa jina milimita 8, dirisha la picha 40, utepe wa aina ya mhusika 6, vijisanduku vya alama 11, na kisanduku cha maneno machache 9, huku milimita moja ikitenganisha kila sehemu na inayofuata. Nje ya mstari wa kukatia niliongeza milimita 3 za rangi kila upande, ili kisu kikisogea kisiache ufa mweupe.

Baada ya kupata ukubwa wa dirisha, ndipo nilipoweza kujibu swali la picha. Alikuwa amenitumia kwa WhatsApp picha moja aliyopigwa akiwa amesimama mlangoni mwa gari saa sita mchana, nayo ilinifikia ikiwa na upana wa pikseli 1200 na urefu wa 1600, kwa kuwa programu hiyo hubana picha za kawaida. Wasanifu wengi wangeikataa papo hapo. Hata hivyo, dirisha la milimita 53, likichapwa kwa pikseli 300 katika kila inchi, linahitaji pikseli 626 tu za upana na 472 za urefu. Uso wake katika picha hiyo ulikuwa na upana wa pikseli 200 hivi, kwa hiyo nilipokata pikseli 626 kuuzunguka, uso ulipata upana wa milimita 17 katika kadi, karibu theluthi moja ya dirisha, bila kuvutwa hata kidogo. Kama angetaka picha ijae kadi nzima pamoja na ziada ya kukatia, ningehitaji pikseli 815 kwa 1110, na uso huohuo ungekuwa mdogo mno ndani ya eneo lote hilo. Hapo ningemwomba anitumie upya picha yenyewe kama faili la hati, njia ambayo haibani picha.

Ukataji huo ulinisaidia pia kuwaondoa abiria wawili waliokuwa wakionekana dirishani, pamoja na namba ya gari. Rafiki yangu ameridhia sura yake ichapwe. Abiria hao hawakuulizwa.

Tatizo halisi la picha lilikuwa kivuli cha kofia. Jua la saa sita hushuka wima, na kofia ilikuwa imefunika macho na nusu ya pua. Watu wenye ngozi nyeusi hupoteza maelezo mengi zaidi katika hali hiyo, na karatasi huongeza hasara, kwa sababu wino hutanuka kidogo unapogusana nayo na sehemu za kati huwa nyeusi kuliko zilivyokuwa katika skrini. Niliteua eneo la kivuli peke yake kwa ukingo laini, nikaziinua rangi za kati tu, na kuuacha weusi wa kina ulivyo, kwani ukiinua weusi huo uso hupata ukungu wa kijivu, kana kwamba umepakwa jivu. Kipimo changu cha mahali pa kusimama ni weupe wa macho: ukianza kung'aa kuliko fulana yake nyeupe, nimezidisha. Kisha nilichapa dirisha hilo peke yake kwa ukubwa wake halisi, nikalitazama penye mwanga wa mchana nikiwa nimelinyooshea mkono. Mstari wa taya ulikuwa umezama shingoni, ingawa katika skrini ulionekana vizuri, kwa hiyo nikarudi na kuinua tena kidogo.

Aina ya mhusika tuliijadili kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Yeye alitaka Mpiganaji, kwa sababu ya purukushani za steji. Mimi nilimwambia kwamba aina ya mhusika inapaswa kueleza anatumia silaha gani, na silaha ya kondakta ni sauti: ndiyo inayoita abiria, inayodai nauli na inayomtuliza mlevi wa kiti cha nyuma. Tukakubaliana juu ya Mghani, jina ambalo msomaji wa Kiswahili analielewa bila maelezo na ambalo linafanya kazi ileile ya mwimbaji msafiri katika michezo ya kigeni. Uamuzi huo ulirahisisha mengine, maana alama za kadi lazima zitokane na aina. Mghani mwenye alama ya juu katika upanga angekuwa anajipinga mwenyewe.

Katika vijisanduku niliweka alama nne zinazoanzia 1 hadi 10: Sauti, Hesabu, Subira na Mizani, hii ya mwisho ikiwa ni uwezo wake wa kuning'inia mlangoni gari likikata kona. Hapa lugha yetu ina shida yake. Kadi za Kiingereza hutumia vifupisho vya herufi mbili au tatu, lakini vifupisho vya namna hiyo havijazoeleka katika Kiswahili, na maneno yetu ni marefu. Vijisanduku vinne vyenye upana wa milimita 12.5 kila kimoja, vikitenganishwa na milimita moja, vinajaza milimita 53 sawasawa. Nilianza na neno Ustahimilivu, lenye herufi 12, na kwa herufi za pointi 6.5 lilivuka mipaka ya kisanduku chake. Badala ya kupunguza herufi hadi zisisomeke, nilibadilisha neno likawa Subira. Nambari zenyewe nilizipa pointi 14, nikapima kila kisanduku kwa 10 badala ya 9, kwa sababu ni nambari yenye tarakimu mbili ndiyo itakayobana.

Alipoona rasimu alitaka apewe 9 katika kila alama. Nilimweleza kwamba nambari ya kadi ina maana pale tu inapolinganishwa na nyingine, ndiyo sababu huwa naweka kikomo cha jumla kulingana na uadimu: kadi ya kawaida hupata alama 20, ya katikati 23, na adimu 26. Kwa kuwa yake ni adimu, tuligawa Sauti 9, Hesabu 8, Subira 3 na Mizani 6. Aliponung'unika kuhusu Subira nilimwambia anaweza kuipandisha hadi 4 iwapo Sauti itashuka hadi 8, naye akaiacha ilivyo.

Uadimu wenyewe una desturi zinazojulikana. Mchezo wa Magic: The Gathering tangu mwaka 1998 huuonyesha kwa rangi ya alama ya toleo, nyeusi kwa kadi za kawaida, fedha kwa zinazofuata na dhahabu kwa adimu, ilhali Pokémon hutumia maumbo, yaani duara, almasi na nyota. Mimi huchanganya njia zote mbili, ukingo wa rangi pamoja na nukta ndogo kwenye utepe wa aina, moja, mbili au tatu, kwa ajili ya asiyetofautisha rangi vizuri. Sinakili fremu wala alama za mchezo wowote, kwani hizo ni mali ya wenyewe.

Dhahabu ndiyo huwaponza wengi. Rangi moja ya dhahabu ikichapwa kwa wino nne za kawaida hutoka kama haradali iliyokauka, kwa sababu jicho hutambua dhahabu kwa mng'ao unaobadilika kutoka giza hadi nuru. Kwa hiyo ukingo wa kadi hii una mteremko wa rangi tano ulioinama: kahawia iliyoiva, dhahabu, krimu hafifu, dhahabu tena, kahawia tena. Kwa asilimia za wino, dhahabu yangu ni majenta 25, njano 75, nyeusi 15 bila samawati, na krimu ni majenta 5 na njano 30 tu. Rangi hizo niliziweka moja kwa moja ndani ya Scribus, programu ya kupangia kurasa za kuchapwa, kwa sababu Inkscape, programu ninayochoria fremu, hufanya kazi kwa rangi za skrini na krimu hubadilika ikihamishwa. Anayetaka mng'ao wa kweli lazima alipie karatasi ya dhahabu inayogandishwa kwa joto, na kwa kadi chache gharama hiyo haina maana.

Karatasi ya A3 inabeba kadi 16 pamoja na ziada zake, nne kwa nne, na wenzake wa steji walitaka zote. Nilizichapisha kwenye karatasi ya gramu 300 katika duka moja karibu na River Road, nikaomba zipakwe plastiki nyembamba kabla ya kukatwa, kwa kuwa unga wa mashine ya leza hupukutika pale kisu kinapopita kwenye rangi nzito. Kahawia ya pembeni bado iliacha uzi mweupe wa moyo wa karatasi katika kadi tatu. Niliupitia kwa kalamu ya kahawia, nikiwa nimeibana kadi kati ya vipande viwili vya kadibodi ili wino usipande usoni.