Je, wajua kwa nini mzunguko usiobadilisha kitu humaliza upangaji mmoja na kuuharibu mwingine?

"Niliweka bendera ya kuacha mapema kwenye upangaji wa mapovu, ikafanya kazi vizuri. Nilipoiweka kwenye upangaji kwa kuchagua, orodha ilitoka bila kupangwa. Kwa nini?"

Angalia namba ipi inalinganishwa na ipi. Upangaji wa mapovu hulinganisha majirani wawili wawili. Upangaji kwa kuchagua hutafuta namba ndogo kuliko zote zilizobaki, basi; habari za majirani haziuhusu. Tuchukue orodha moja fupi tuipitishe kwenye njia zote mbili, tukitaka namba zikae kuanzia ndogo hadi kubwa:

```
12 47 30 35 58
```

Tuanze na kuchagua. Katika mzunguko wa kwanza tunaishika 12 kama ndogo ya muda, kisha tunailinganisha na 47, na 30, na 35, na 58. Hakuna iliyo ndogo kuliko 12, kwa hiyo 12 inabaki nafasi ya kwanza na hakuna kilichohama. Mzunguko wa pili unaanzia nafasi ya pili. Tunaishika 47, tunakutana na 30 ambayo ni ndogo zaidi, tunaishika hiyo badala yake, na 35 na 58 haziishindi. Mwisho wa mzunguko, 30 na 47 zinabadilishana nafasi:

```
12 30 47 35 58
```

Mzunguko wa tatu unatazama 47, 35 na 58. Ndogo ni 35, inabadilishana na 47, na orodha inakuwa 12, 30, 35, 47, 58. Mzunguko wa nne unalinganisha 47 na 58, unaziacha zilipo. Jumla tumelinganisha mara 4, 3, 2 na 1, yaani mara 10, na tumebadilisha nafasi mara 2 tu.

Sasa rudi kwenye mzunguko ule wa kwanza. Hakuna namba iliyohama, lakini orodha ilikuwa bado imevurugika, kwani 47 ilikuwa imetangulia 30. Kama ungekuwa na bendera inayosema "hakuna kilichobadilika, acha kazi", programu ingesimama pale pale na kukurudishia orodha kama ilivyoingia. Ndicho kilichompata muuliza swali. Mzunguko ule ulithibitisha jambo moja tu, kwamba 12 iko mahali pake. Kuhusu mpangilio wa 47, 30, 35 na 58 zenyewe kwa zenyewe haukusema lolote, kwa sababu zote zililinganishwa na 12, si zenyewe kwa zenyewe.

Mapovu hufanya kazi kwa namna nyingine. Unaanza mwanzo wa orodha, unalinganisha jirani na jirani, na wa kushoto akiwa mkubwa wanabadilishana nafasi. Kwa orodha ile ile, mzunguko wa kwanza unakwenda hivi: 12 na 47 ziko sawa, tunaziacha. 47 na 30 zinabadilishana. 47 sasa iko nafasi ya tatu, inakutana na 35, zinabadilishana. 47 na 58 ziko sawa.

```
12 47 30 35 58
12 30 47 35 58
12 30 35 47 58
```

Umeona 47 ilivyosukumwa kwenda kulia hadi ikakutana na iliyo kubwa kuliko yenyewe? Ndiyo asili ya jina: namba kubwa hupanda kama povu la hewa ndani ya maji. Kila mzunguko ukiisha, kubwa kuliko zote zilizobaki huwa imefika mwisho, kwa hiyo mzunguko unaofuata hauna haja ya kuigusa.

Mzunguko wa pili unalinganisha 12 na 30, 30 na 35, 35 na 47. Hakuna iliyohama. Hapa tunaweza kuacha kwa uhakika kamili, na naomba uitazame hoja hii polepole. 12 haizidi 30, 30 haizidi 35, 35 haizidi 47, na 58 ilishathibitika kuwa kubwa kuliko zote. Kila namba imeshikana na jirani yake kama pete za mnyororo, na mnyororo usio na pete iliyokosea hauwezi kuwa umevurugika popote. Tumelinganisha mara 4 na mara 3, jumla 7, badala ya 10.

Kwa lugha ya Python inaandikwa hivi:

```python
def mapovu(a):
    n = len(a)
    for i in range(n - 1):
        imehama = False
        for j in range(n - 1 - i):
            if a[j] > a[j + 1]:
                a[j], a[j + 1] = a[j + 1], a[j]
                imehama = True
        if not imehama:
            break
```

Mahali pa `imehama = False` ni muhimu kuliko panavyoonekana. Ukiiandika juu ya `for` ya kwanza, bendera ikishainuka mara moja haishuki tena. Orodha itatoka imepangwa vizuri, kwa hiyo hutashtuka, ila kuacha mapema kutakuwa kumekufa kwa orodha yoyote iliyohitaji hata badiliko moja. Dawa ni kuhesabu: weka kihesabio ndani ya `for` ya pili, uipe programu orodha yetu ya namba tano. Ukipata 7 uko salama. Ukipata 10, bendera haishuki.

Faida ya kuacha mapema inategemea sana hali ya orodha. Ukiwa na namba 1,000 ambazo tayari zimepangwa, mapovu yenye bendera hulinganisha mara 999 na kumaliza, wakati kuchagua hulinganisha mara 499,500 bila kujali zimekaaje. Lakini usidhani kila orodha iliyokaribia kupangwa itamalizika haraka. Jaribu hii:

```
30 35 47 58 12
30 35 47 12 58
30 35 12 47 58
30 12 35 47 58
12 30 35 47 58
```

Namba moja tu ndiyo iliyokosa mahali pake, hata hivyo mizunguko yote minne ilihitajika, na ulinganisho ukafika 10. Namba kubwa ikienda kulia inaweza kuvuka orodha nzima katika mzunguko mmoja, ila namba ndogo iliyoko mwisho hurudi kushoto hatua moja tu kila mzunguko. Wenye fani huiita kobe. Kobe mmoja akiwa mwisho wa namba 1,000, bendera haikuokolei hata mzunguko mmoja.

Je, kuchagua kunaweza kupewa njia ya kuacha mapema iliyo halali? Ndiyo, ila bendera iulize swali jingine. Unapopita kutafuta ndogo, linganisha pia kila namba na jirani yake wa kushoto ndani ya sehemu ile iliyobaki. Ikiwa hakuna hata jozi moja iliyokosea, acha. Gharama yake ni karibu ulinganisho mara mbili kwa kila mzunguko, na kwa maoni yangu ni nadra kulipa. Nguvu ya kuchagua iko kwingine: kwa namba 1,000 hakubadilishi nafasi zaidi ya mara 999, ilhali mapovu, orodha ikiwa imepangwa kinyume kabisa, hubadilisha mara 499,500.